Dhahabu: Andika Bei ya Kuuza Kabla ya Kununua



Ndugu zetu wasomaji, mwishoni mwa mwezi wa Machi 2024, katika kumi la kati la Ramadhani, alitujia dada mmoja baada ya swala ya Alasiri akiwa na risiti mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa ya mwezi wa Januari mwaka huohuo, aliponunua bangili za karati 22 kwa fedha alizoziweka kwa ajili ya chuo cha binti yake. Ya pili ilikuwa ya siku ileile, alipoziuza bangili zile kwa sonara yuleyule aliyemuuzia. Baina ya risiti hizo mbili palikuwa na upungufu mkubwa wa fedha.

"Sheikh," akatwambia, "kila nikifungua redio nasikia dhahabu imepanda duniani. Mimi naambiwa imeshuka. Mtu huyu amenidhulumu, nami nataka mumwite mbele yangu."

Tulimwita, naye akaja na daftari lake. Tukakaa watu watatu tukapiga hesabu pole pole. Dhahabu duniani huuzwa kwa wakia, na wakia moja ni gramu 31.1, na bei yake hutajwa kwa dola. Mwezi wa Januari 2024 wakia ilikuwa takriban dola 2,030, na dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Ukizidisha kisha ukagawanya kwa 31.1, gramu moja ya dhahabu safi inakuwa karibu shilingi 10,400. Mwishoni mwa Machi wakia ilikuwa imepanda hadi karibu dola 2,200. Hilo ndilo alilolisikia dada yetu redioni, na lilikuwa kweli. Lakini katika miezi hiyo miwili shilingi yetu nayo ilipata nguvu, dola ikashuka hadi karibu shilingi 131. Rudia hesabu ileile na utapata gramu moja kwa karibu shilingi 9,300. Dhahabu ilipanda kwa dola ikashuka kwa shilingi, katika wakati mmoja. Ongeza hapo kwamba aliponunua alilipia ujira wa ufundi wa bangili, na alipouza ulipimwa uzito wa dhahabu peke yake. Sonara hakuwa amemdhulumu. Dada yetu alimtaka radhi, na wakaachana kwa wema.

Kisha tukamuuliza swali ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. "Binti anaingia chuo lini?"

Akajibu, "Septemba ya mwaka ujao."

"Basi kwa nini umeuza leo?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Niliogopa. Jirani aliniambia itazidi kushuka."

Septemba ya mwaka uliofuata ikafika. Kabla mwezi huo wa Septemba 2025 haujaisha, gramu ya dhahabu safi ilikuwa imepita shilingi 15,000.

Msomaji asifahamu kwamba tunasema dhahabu hupanda daima na kwamba mwenye kusubiri hapotezi. Hilo si kweli, na tutalionyesha hapa chini kwa miaka na tarakimu. Tunalosema ni kwamba dada huyu aliingia katika dhahabu bila ya kujua atatoka vipi. Hakuwa na bei ya kuuzia, hakuwa na kikomo cha hasara, wala hakuwa na tarehe. Aliyekosa vitu hivyo vitatu huamuliwa na redio, na jirani, na hofu ya usiku mmoja. Naye akiwa na bahati ya bei kupanda, huamuliwa na tamaa, ambayo haina huruma kuliko hofu.

Kwa hivyo leo tutaeleza namna ya kuandika karatasi moja kabla ya kununua dhahabu ya akiba. Tunasema dhahabu ya akiba, na kwa makusudi. Kidani cha mahari, pete ya ukumbusho wa mama na bangili za kuvaa harusini havimo katika maneno haya. Pambo hununuliwa kwa ajili ya kuvaliwa, na anayelinunua amekwisha kupata alichokitaka siku anapolivaa. Mchanganyiko wa mambo hayo mawili ndio mwanzo wa taabu nyingi majumbani: mke anadhani anavaa pambo lake, na mume anadhani anatazama akiba ya nyumba. Na tukumbushane kwamba dhahabu ya mke ni mali yake, haiuzwi bila ya ridhaa yake. Basi kila kipande kijulikane tangu siku ya kwanza ni cha nani na ni cha nini.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Tarakimu zake ni za mfano tu, zilizo karibu na soko la mwanzoni mwa Septemba 2025. Wewe siku yako utaweka za siku hiyo. Mama mmoja anayepika na kuuza mahamri na viazi vya karai ana akiba ya shilingi 312,000. Mwanawe ataingia chuo baada ya miaka miwili, mwezi wa Septemba, na anakisia kwamba siku hiyo atahitaji shilingi 360,000. Gramu ya dhahabu safi, yaani ya karati 24, ni shilingi 15,000.

Jambo la kwanza la kuandika ni bei ya kurudisha mtaji, yaani bei ambayo dhahabu ikifika, ukiuza unapata ulichotoa bila ya ziada wala upungufu. Watu wengi hudhani bei hiyo ni ileile waliyonunulia. Sivyo. Unaponunua unalipa zaidi ya thamani ya dhahabu yenyewe, na unapouza unakatwa.

Tazama kwanza akinunua bangili. Karati 22 maana yake ni sehemu 22 za dhahabu katika 24, kwa hivyo gramu yake ni shilingi 13,750. Bangili za gramu 20 zina dhahabu ya shilingi 275,000. Tukisema ujira wa ufundi ni asilimia 10, atalipa shilingi 302,500. Akirudi kuuza, ujira ule hauhesabiwi tena, na tuseme sonara anakata asilimia 5 ya bei ya siku. Lau angeuza siku ileile aliyonunua angepata shilingi 261,250; zaidi ya 41,000 zimepotea kabla hajafika nyumbani. Ili arudishe mtaji wake tu, dhahabu lazima ipande kwa karibu asilimia 16.

Sasa tazama akinunua vipande vya dhahabu safi vilivyofungwa kiwandani, vyenye uzito na namba, kama vile ambavyo jamaa zetu huja navyo kutoka Dubai. Anachukua vipande vinne vya gramu 5, jumla gramu 20. Thamani yake ni shilingi 300,000, na tuseme muuzaji anaongeza asilimia 4. Amelipa 312,000. Akija kuuza anakatwa asilimia 2. Hapa dhahabu inahitaji kupanda hadi karibu shilingi 15,900 kwa gramu, yaani asilimia 6 hivi, ili mtaji urudi.

Kutokana na hesabu hiyo yanapatikana mambo mawili. La kwanza ni kwamba dhahabu ya akiba inunuliwe kama dhahabu, si kama ufundi. La pili ni kwamba fedha inayohitajika baada ya miezi mitatu au minne isiingizwe katika dhahabu kabisa, kwa sababu hakuna anayeweza kuahidi kwamba bei itapanda hata asilimia 6 katika muda huo.

Lakini utazijuaje asilimia hizo za makato? Kwa kuuliza kabla ya kununua. Swali la kuuza huulizwa ukiwa bado fedha zi mkononi mwako: "Nikikuletea kipande hiki mwakani, utakinunua? Utakata kiasi gani? Utataka nilete nini?" Waulize masonara watatu, kwani majibu hayafanani. Wengine hawanunui vipande vya kiwandani hata kidogo, na ni afadhali ulijue hilo leo kuliko siku ya haja. Risiti iandikwe karati, uzito wa gramu, na bei ya gramu siku hiyo. Kama ni pambo lenye vijiwe, uzito wa vijiwe utengwe, kwani siku ya kuuza havitalipwa. Chapa pia itazamwe: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, na 999 ni dhahabu safi.

Jambo la pili la kuandika ni bei ya kuuzia, na hapa ndipo watu hupotea. Mtu huuliza, "Dhahabu itafika wapi?" Swali hilo halina jibu, na anayelijibu kwa uhakika anasema asilolijua. Swali lenye jibu ni hili: "Mimi nahitaji kiasi gani?" Mama wetu anahitaji 360,000. Akiuza gramu 20 na kukatwa asilimia 2, ni kana kwamba ameuza gramu 19.6. Gawanya 360,000 kwa 19.6, utapata karibu 18,370. Basi aandike shilingi 18,400. Siku gramu ya dhahabu safi itakapofika bei hiyo, vipande vyake vitampatia shilingi 360,640, na kazi ya dhahabu hiyo itakuwa imekwisha. Bei ya kuuzia imetoka katika haja yake, haikutoka katika utabiri wa mtu.

Na tarakimu hiyo yenyewe humfundisha kitu. Kutoka 15,000 hadi 18,400 ni kupanda kwa karibu asilimia 23 katika miaka miwili. Huenda ikawa, huenda isiwe. Lau haja yake ingekuwa shilingi 600,000, hesabu ileile ingemwonyesha kwamba bei lazima ifike zaidi ya 30,600, yaani izidi mara mbili. Hapo angefahamu kabla ya kununua kwamba dhahabu peke yake haitomfikisha, na kwamba lazima aongeze akiba kila mwezi. Hasara ya matumaini ya karatasini ni ndogo kuliko hasara ya matumaini ya sokoni.

Jambo la tatu ni kikomo cha chini. Hiki nacho hakitokani na utabiri, bali hutokana na uwezo. Tulimuulize mama wetu: dhahabu ikishuka, wewe kwa biashara yako unaweza kuziba pengo la kiasi gani? Tuseme anajibu kwamba katika miaka miwili, akijibana, anaweza kuweka shilingi 100,000 na si zaidi. Basi dhahabu yake haitakiwi kumpa chini ya 260,000. Gawanya kwa 19.6, utapata karibu 13,270. Aandike shilingi 13,300. Bei ikifika hapo atauza, atapata shilingi 260,680, na atakuwa amepoteza zaidi ya 51,000 katika mtaji wake. Inauma, nasi hatusemi haiumi. Lakini chuo cha mwanawe bado kimo ndani ya uwezo wake, na maumivu hayo aliyapima mwenyewe akiwa ametulia.

Kikomo hiki kina udhaifu wake, na ni haki tuuseme. Bei yaweza kuporomoka kwa kishindo kisha ikatulia, na mwenye kuuza kwa kishindo cha siku moja akajuta. Kwa hivyo tunashauri kikomo cha chini kisitekelezwe mpaka bei ikutwe iko chini yake katika siku mbili za kutazama mfululizo, tuseme Alhamisi mbili. Kinyume chake pia hutokea. Mwezi wa Aprili 2013 wakia ilishuka takriban dola 200 katika siku mbili tu za soko, Ijumaa na Jumatatu iliyofuata. Katika mporomoko kama huo mwenye vipande mkononi huenda akauza chini kidogo ya bei aliyoiandika. Kikomo hupunguza hasara, hakiifuti.

Jambo la nne ni tarehe, nayo huenda ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Bei ya juu yaweza isifikwe, na kikomo cha chini kisiguswe, dhahabu ikabaki ikiyumba kati ya hayo mawili miaka yote miwili. Asiyeandika tarehe atangoja mpaka wiki ya kulipa karo, kisha atauza kwa sonara wa kwanza atakayemkuta, kwa makato yoyote. Mama wetu anaandika hivi: karo ni Septemba, vipande viwili vitauzwa mwisho wa Mei na viwili mwisho wa Julai, kwa bei yoyote itakayokuwapo. Ndiyo maana alichukua vipande vinne vya gramu 5 badala ya kimoja cha gramu 20, ijapokuwa vidogo huongezwa bei zaidi kwa kila gramu. Kipande kimoja hakikatiki. Huuzwa chote au huwekwa chote.

Karatasi yake basi ina mistari michache: dhahabu hii ni ya chuo, nimenunua gramu 20 kwa shilingi 312,000, mtaji hurudi bei ikiwa 15,900, nitauza vyote ikiwa 18,400, nitauza vyote ikiwa 13,300 kwa Alhamisi mbili, na ikiwa hakuna hata moja, nitauza nusu mwisho wa Mei na nusu mwisho wa Julai. Chini yake jina lake, tarehe, na jina la mtu mmoja aliyemsomea, awe mume, dada, au mama mzazi. Shahidi huyu hana kazi ya kutoa rai. Kazi yake ni kumuuliza siku ile: "Uliandika nini?"

Kuhusu kutazama bei, mara moja kwa wiki inatosha, na itazamwe kwa shilingi. Chukua bei ya wakia kwa dola, zidisha kwa bei ya dola siku hiyo, gawanya kwa 31.1. Dada wa mwanzo wa makala haya alipotea kwa kusikiliza nusu ya hesabu. Atazamaye kila saa naye hupotea kwa njia nyingine: kila mtikisiko mdogo humgusa moyo, na moyo ukiguswa mara nyingi mkono hufuata.

Sasa tuseme bei imepanda, na Alhamisi moja mama wetu amekuta 18,450. Hapa ndipo penye mtihani. Mtaa mzima unazungumza dhahabu, masonara wana foleni, na shemeji yake anamwambia asiwe mjinga, mwakani itafika 25,000. Karatasi inasema uza. Moyo unasema ngoja kidogo. Afanye nini?

Auze. Na ili ajue kwa nini, azingatie miaka hii. Mwezi wa Januari 1980 wakia ilifika dola 850, na watu walipanga foleni kununua. Mwaka 1999 ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 250, na haikuivuka tena dola 850 mpaka Januari 2008. Aliyesema "ngoja kidogo" mwaka 1980 alingoja miaka 28, na fedha aliyoipata mwishoni haikuwa tena na nguvu ya kununua iliyokuwa nayo mwanzoni. Mwezi wa Septemba 2011 wakia ilifika karibu dola 1,900. Mwisho wa 2015 ilikuwa karibu dola 1,050, na haikurudi pale ilipokuwa mpaka katikati ya 2020. Miaka tisa ni muda wa mtoto kuanza skuli na kukaribia kuimaliza. Mwanachuo hangoji.

Huenda baada ya kuuza bei ikazidi kupanda. Oktoba 2025 wakia ilivuka dola 4,000, na wako waliouza mapema wakajiuma vidole. Tunawaambia hao: mlikuwa na haja, mkaiandika, mkaitimiza. Faida iliyokwenda kwa mwingine si hasara yenu. Aliyeuza kwa mpango akapitwa na faida hulala usingizi. Aliyekataa kuuza kwa tamaa bei ikamshukia halali. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wazee wetu, na sokoni mauti hayo huwa ya mtaji.

Je, karatasi haibadilishwi kamwe? Hubadilishwa, kwa sharti moja. Haja ikibadilika, karatasi hubadilika. Bei ikibadilika, karatasi haibadiliki. Mtoto akipata ufadhili wa masomo, au karo ikapandishwa, au maradhi yakaingia nyumbani, mama wetu akae na shahidi wake waandike upya kwa hesabu ileile. Lakini kuvuta 18,400 hadi 20,000 kwa sababu tu bei imefika 18,300 ni kujidanganya, na shahidi anayo haki ya kumwambia.

Yako mambo ya sheria yanayogusa siku ya kutoka, nasi hatuwezi kuyaacha. Dhahabu na fedha hubadilishana mkono kwa mkono, katika kikao kimoja. Hutokea siku bei imepanda sonara akasema, "Niachie, nitakulipa baada ya Idi kwa bei hii nzuri." Hilo silo, kwa sheria na kwa usalama wa mali yako. Pokea fedha yako papo hapo, taslimu au kwa benki, na uithibitishe imeingia kabla hujaondoka. Kadhalika usibadilishe bangili za zamani kwa mpya zenye uzito tofauti ukaongeza fedha juu yake. Uza za zamani, ipokee thamani yake mkononi, kisha ukipenda nunua mpya kwa mauzo ya pili. Njia hiyo ina faida ya dunia pia, kwani katika mabadilishano ya mara moja makato hufichika, na katika mauzo mawili kila tarakimu huonekana. Na kwa sababu hiyohiyo ya mkono kwa mkono, usinunue dhahabu ya akiba kwa mkopo wala kwa malipo ya kidogo kidogo. Mwenye deni ana tarehe ya mtu mwingine, na mpango wake hauko mikononi mwake.

Aliye na dhahabu ya akiba inayofika nisabu ya gramu 85 za dhahabu safi, ikapitiwa na mwaka, aingize pia asilimia 2.5 ya zaka katika hesabu yake ya kila mwaka. Hukumu ya pambo la kuvaliwa si sawa na hukumu ya akiba, na hii ni sababu nyingine ya kutenganisha mambo hayo mawili tangu mwanzo.

Dada yetu wa Machi 2024 alitupitia tena mwaka jana. Binti yake yuko chuoni. Karo ya kwanza aliikamilisha kwa kuuza cherehani yake moja na kwa msaada wa kaka yake. Hakuja kulalamika. Alikuja na karatasi iliyokunjwa, akataka tuisome kabla hajaenda kununua vipande viwili vidogo kwa ajili ya mtoto wa pili. Tuliisoma. Ilikuwa na bei tatu, tarehe mbili, na jina la shahidi. Tukamuuliza jambo moja tu, kama amekwisha kumuuliza sonara kuhusu makato.

Akatabasamu. "Nimewauliza watatu, Sheikh. Yule wa kwanza ndiye anayekata kidogo kuliko wote."

Wabillahi tawfiq.